Bei au Wingi: Faida Ilipopotelea

Duka la nafaka lilipanga kuuza kilo 1,000 za mchele kwa shilingi 3,000 kila moja, zikinunuliwa kwa 2,500: faida 500,000. Ziliuzwa kilo 1,200 kwa 2,800, faida ikawa 360,000. Pengo ni 140,000.

Tofauti ya bei ni punguzo la 200 mara kilo zilizouzwa kweli, 1,200: hasara ya 240,000. Tofauti ya kiasi ni kilo 200 za ziada mara faida iliyopangwa, 500: nafuu ya 100,000. Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha kwa bei, wakisahau kwamba kilo za ziada nazo zilinunuliwa.

Huenda punguzo ndilo lililovuta wateja. Hata hivyo, lingejilipa tu kwa kuuza takriban kilo 1,667.