Sifuri za Wanakemia: Joto la Kuundwa kwa Vitu Linavyohesabiwa

Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha ni nishati kiasi gani imo ndani ya glasi ya maji. Kinachopimika ni mabadiliko tu: gesi inapoungua joto hutoka, chumvi inapoyeyuka joto huingia, na kipimajoto huona tofauti kati ya mwanzo na mwisho. Joto hilo, likipimwa bila kanieneo kubadilika, ndilo wanakemia huliita badiliko la entalpia. Kwa kuwa tofauti ndiyo pekee inayojulikana, majedwali ya kemia hayana budi kuchagua mahali pa kuanzia kuhesabu. Wamekubaliana kuhusu mambo matatu: hali sanifu, sifuri ya elementi, na sifuri ya ioni ya hidrojeni.

Hali sanifu hueleza kitu kikiwa safi, chini ya kanieneo la baa 1. Zamani kipimo kilikuwa atmosfia 1, yaani baa 1.01325. Mwaka 1982 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, lilipendekeza baa 1. Katika hesabu za joto mabadiliko hayo hayaonekani kabisa. Kinachowachanganya wengi ni halijoto, kwani yenyewe si sehemu ya hali sanifu: kuna hali sanifu ya maji kwenye nyuzi 25 na nyingine kwenye nyuzi 80. Majedwali mengi yamechagua nyuzi 25 za Selsiasi kwa mazoea tu, na tarakimu zote zinazofuata hapa ni za halijoto hiyo.

Hali ya kitu lazima itajwe, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Moli moja ya maji ni gramu 18 hivi. Yakiundwa kama kimiminika, entalpia yake ni -285.8 kilojuli, yakiundwa kama mvuke, ni -241.8. Alama ya kutoa huonyesha kuwa joto limetoka. Anayechukua tarakimu ya mvuke wakati maji yake ni kimiminika hukosea kwa kilojuli 44 katika kila moli, na jibu lake litaonekana la kawaida kabisa asiposhtuka kulilinganisha na kipimo.

Entalpia ya kuundwa, basi, ni joto linaloingia au kutoka moli moja ya kitu inapoundwa kutokana na elementi zake. Oksijeni kuundwa kutokana na oksijeni si tukio lolote, kwa hiyo thamani yake ni sifuri. Lakini elementi nyingi zina sura zaidi ya moja, na sifuri hupewa sura moja tu, kwa kawaida ile iliyo imara zaidi. Kaboni ina sifuri ikiwa grafiti, na almasi ina +1.9. Oksijeni ya atomu mbili ina sifuri, ozoni ina +142.7. Zebaki na bromini huhesabiwa zikiwa vimiminika, ayodini ikiwa yabisi. Fosforasi ndiyo iliyovunja utaratibu: sifuri ilipewa fosforasi nyeupe, kwa sababu hupatikana ikiwa safi na hupimika vizuri, ingawa nyekundu ni imara zaidi. Ndiyo maana fosforasi nyekundu ina -17.6, elementi yenye thamani iliyo chini ya sifuri.

Kwa nini sifuri hizi za kubuni haziharibu hesabu? Gesi asilia, kama ile inayochimbwa Songosongo, kwa sehemu kubwa ni methani. Ikiungua, moli moja ya methani na moli mbili za oksijeni hutoa moja ya kabonidayoksaidi na mbili za maji. Kabonidayoksaidi ina -393.5, maji mawili yana -571.6, methani ina -74.8, oksijeni sifuri. Toa mwanzo katika mwisho: joto la mwako ni -890.3 kilojuli.

Sasa mtu mkaidi aipe oksijeni 50 badala ya sifuri. Kila kitu chenye oksijeni kitapanda pamoja nayo: kabonidayoksaidi itakuwa -343.5, na kila moli ya maji, yenye nusu ya oksijeni hiyo, itakuwa -260.8. Upande wa mwisho unafika -865.1. Upande wa mwanzo una methani -74.8 na oksijeni mbili zenye 100, jumla 25.2. Tofauti ni -890.3 vilevile. Atomu za oksijeni zilizoingia ndizo zilizotoka, kwa hiyo nyongeza hujifuta yenyewe. Kila elementi inaweza kuwa na sifuri yake, maana katika kemia dhahabu haigeuki kuwa risasi. Katika athari za kinyuklia, ambako elementi hugeuka kweli, utaratibu huu haufai.

Ioni zilizo ndani ya maji zina taabu yake. Hakuna chupa ya ioni za klorini peke yake. Chaji chanya na chaji hasi huja pamoja siku zote. Gesi ya haidrojeni kloraidi ina -92.3, na ikiyeyuka katika maji mengi hutoa kilojuli 74.9 zaidi. Jumla, -167.2, ni ya ioni mbili kwa pamoja, ya hidrojeni na ya klorini, na hakuna kipimo cha joto kitakachosema ipi ina kiasi gani. Ikaamuliwa kuwa ioni ya hidrojeni katika maji, H⁺, ipewe sifuri. Hapo -167.2 yote ikawa ya ioni ya klorini.

Nyingine hufuata moja baada ya moja. Chumvi ya mezani ina -411.2 na hufyonza kilojuli 3.9 inapoyeyuka, kwa hiyo ioni zake mbili zina -407.3, ondoa klorini, sodiamu inabaki na -240.1. Asidi kali na besi kali zikikutana hutoa kilojuli 55.8 kwa kila moli ya maji inayoundwa, na kutoka hapo ioni ya haidroksaidi hupata -230.0. Mnyororo huu unaweza kujaribiwa. Sodiamu na haidroksaidi zikijumlishwa ni -470.1, na soda kostiki ikiwa yabisi ina karibu -426. Kuyeyuka kwake basi kutoe kilojuli 44 hivi, na ndivyo vipimo vinavyosema. Watengeneza sabuni hulijua joto hilo kwa mikono yao.

Kama H⁺ ingepewa 100, klorini ingekuwa -267.2 na sodiamu -140.1, lakini jumla yao ingebaki -407.3. Chaji ndiyo inayolinda hesabu hapa, kama atomu zilivyoilinda kule. Ioni yenye chaji mbili chanya ingepanda kwa 200.

Sifuri ya H⁺ si kipimo cha kweli. Kuvunja molekuli ya hidrojeni na kung'oa elektroni hudai zaidi ya kilojuli 1,500 kwa moli ya ioni, na maji hurudisha takriban 1,100 tu yanapoizunguka. Kwa hiyo +105.6 ya ioni ya fedha haimaanishi kuwa ioni hiyo si imara. Inalinganishwa na hidrojeni, basi. Entropia nayo ina utaratibu huohuo kwa ioni zilizo katika maji, H⁺ ikiwa sifuri, ingawa elementi zenyewe hazina entropia ya sifuri kwenye nyuzi 25. Ndiyo sababu jedwali huipa ioni ya magnesi entropia ya karibu -138 juli kwa kelvini kwa moli. Entropia halisi ya kitu safi haiwezi kuwa chini ya sifuri, lakini tarakimu hiyo si kosa la uchapaji: ni umbali wake kutoka kwa H⁺.