Degedege katika Kituo cha Mtihani: Maelekezo ya Mama wa Kuigiza na Orodha ya Mtahini

Mazingira ya kituo ni zahanati ya kubuni huko Kisaki, Morogoro: mama amemleta mtoto wa miaka miwili, mwenye kilo 12 na homa, kipimo cha haraka kimeonyesha malaria. Mama wa kuigiza huelekezwa asitaje degedege lililomshika mtoto mara tatu usiku mpaka aulizwe waziwazi. Akiulizwa, “Kuna tatizo jingine?” hujibu, “Ni homa tu, daktari.” Akilitaja mwenyewe, kituo hakipimi tena udadisi wa mtahiniwa.

Hivyo orodha ya mtahini itenganishe “ameuliza kuhusu degedege” na “ametambua malaria kali”. Kipengele “amehoji vizuri” hakifai, kwani kila mtahini atakitafsiri kivyake. Anayeagiza dawa mseto ya kumeza hukosa alama ya uamuzi. Hupata anayechoma atesuneti miligramu 36, yaani 3 kwa kilo, kisha akatoa rufaa.