Jaribio Lisiloweza Kushindwa

Programu ya duka inapokokotoa bei pamoja na VAT, kosa la mstari mmoja huingia kwenye kila risiti. Ndiyo maana mtengeneza programu huandika jaribio dogo: anaipa funksheni kiasi anachokijua, kisha anadai jibu liwe kadhaa. Dai likiwa kweli jaribio hupita, likiwa uongo kompyuta humwonyesha kosa. Lakini yapo madai yanayopita hata hesabu ikiwa imeharibika, na ukiyatazama kwenye skrini huwezi kuyatofautisha na madai mazuri. Yote huandikiwa `OK`.

Chukua funksheni hii ya Python inayoongeza asilimia 18, kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara:

```python
def bei_na_vat(bei):
    return bei * 118 // 100
```

Bei ya shilingi 10,000 inapaswa kuwa 11,800. Jaribio likaandikwa hivi:

```python
self.assertTrue(bei_na_vat(10000), 11800)
```

Mstari huu unamhadaa hata mzoefu, kwa sababu funksheni imo na jibu sahihi limo. Kumbe `assertTrue` hupima kitu cha kwanza tu, na swali lake ni moja: je, hiki ni kweli? Katika Python, namba yoyote isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli. Ile 11800 huchukuliwa kuwa ujumbe wa kuonyeshwa endapo jaribio litashindwa; hailinganishwi na chochote.

Njia ya uhakika ya kulibaini hili ni kuiharibu funksheni kwa makusudi. Geuza 118 iwe 81, kisha endesha `python -m unittest`. Sasa funksheni inatoa 8,100, yaani badala ya kutozwa kodi mteja anapunguziwa bei, na jaribio bado linasema `OK`. Huhitaji ushahidi mwingine.

Namna ya kuharibu nayo ina uzito wake, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu mwenye haraka hufuta hesabu yote na kuweka `return 0`. Sifuri huhesabiwa kuwa uongo, kwa hiyo jaribio lilelile bovu linashindwa, naye anaondoka akiamini kwamba linafanya kazi. Haribu kwa kosa ambalo mtu angeweza kulifanya kweli: tarakimu zilizogeuzwa, alama ya kutoa mahali pa kujumlisha, `<` mahali pa `<=`.

Soma pia sababu ya kushindwa. Ukikosea herufi ya jina la funksheni, jaribio litashindwa, lakini hilo halithibitishi chochote kuhusu dai lako. Muhtasari wa `unittest` hutenganisha mambo haya mawili: `failures=1` maana yake dai limekataliwa, `errors=1` maana yake programu ilikwama kwa sababu nyingine. Unachotafuta ni la kwanza.

Tiba ya jaribio letu ni kutumia `assertEqual`, inayolinganisha vitu viwili. Ukirudia uharibifu wa 81, safari hii utapata `AssertionError: 8100 != 11800`. Ujumbe huo una jibu lililotoka na jibu lililotakiwa, na ndio unaoonyesha kwamba dai limeigusa hesabu.

Hata hivyo usisimame hapo. Rudisha 118, kisha badili `//`, inayotupa sehemu ya shilingi, iwe `/`. Jibu linakuwa 11800.0, na kwa Python hiyo ni sawa na 11800, kwa hiyo jaribio linapita tena. Dai si bovu. Namba iliyochaguliwa ndiyo haigusi suala la senti. Ongeza bei ya 1,055. Kwa `//` jibu ni 1,244, kwa `/` ni 1,244.9, na jaribio jipya linaikamata tofauti.

Wataalamu DeMillo, Lipton na Sayward waliieleza njia hii ya kupima majaribio kwa makosa ya kupandikizwa katika makala ya mwaka 1978. Leo zipo zana zinazoifanya zenyewe, kama `mutmut` kwa Python na PIT kwa Java: hubadili alama moja, huendesha majaribio, kisha huorodhesha mabadiliko ambayo hakuna jaribio lililoyaona. Baadhi ya mabadiliko hayo hayabadilishi matokeo kamwe, kwa hiyo orodha lazima isomwe na mtu anayeielewa programu.

Kwa mradi mdogo mkono wako unatosha. Kabla hujalihifadhi jaribio jipya, lione likishindwa mara moja kwa sababu ya jibu lisilo sahihi. Kisha irudishe funksheni ilivyokuwa na uendeshe majaribio yote upya, maana kosa ulilolipanda mwenyewe likisahaulika litafika dukani.