Mwavuli Mwekundu Usiimeze Soko

Tuseme unataka Stable Diffusion, mfumo wa akili bandia unaochora picha kutokana na maneno, ikuchoree soko la samaki alfajiri, na jicho la mtazamaji lianzie kwenye mwavuli mmoja mwekundu. Maelekezo huandikwa kwa Kiingereza, maana picha ambazo mfumo huu ulifunzwa nazo zilikuwa na maelezo ya lugha hiyo kwa wingi. Unaandika, picha inakuja: soko limependeza, mwavuli haupo, au umejificha nyuma ya watu.

Kwenye programu ya AUTOMATIC1111, neno huongezewa nguvu kwa mabano. Mabano ya mviringo peke yake huzidisha uzito mara 1.1, na ukiyaweka mawili mawili unafika 1.21. Lakini ni bora kuandika namba yenyewe, ili ujue umefika wapi:

```
fish market at dawn, wooden boats, wet sand, crowd, (red umbrella:1.3)
```

Kwa 1.3 mwavuli kwa kawaida hujitokeza. Kishawishi ni kupanda hadi 1.6, na hapo ndipo picha huharibika. Wekundu unavuja: mashua zinakuwa nyekundu, kanga nyekundu, hata mchanga unapata rangi hiyo. Miavuli inazaana, mitatu au minne, na watu wa nyuma wanageuka mabaka. Sababu iko kwenye hesabu. Programu ikishazidisha namba zinazowakilisha neno hilo, hurekebisha maelekezo yote ili wastani wake urudi ulipokuwa. Kwa hiyo ulichompa mwavuli, mashua na umati wamekipunguziwa.

Dalili ya kwanza ya kuzidisha ni rangi kukolea kupita kiasi, kabla hata maumbo hayajapinda. Ukiiona, usiendelee kupandisha. Ondoa rangi ndani ya mabano, upunguze kidogo kile kinachoshindana na mwavuli, kisha usogeze mwavuli mwanzoni, kwa kuwa maneno yanayotangulia huwa na nguvu zaidi:

```
red (umbrella:1.2), fish market at dawn, wooden boats, wet sand, (crowd:0.85)
```

Sasa umbo la mwavuli ndilo linalosukumwa, wekundu unabaki na uzito wake wa kawaida, na soko linapumua. Kila unapojaribu, acha namba ya `Seed` ile ile na ubadilishe uzito mmoja tu, kwa hatua za 0.05 au 0.1. Seed ikibadilika, hutajua kama tofauti imeletwa na uzito au na bahati.

Uzito haupangi ukubwa wala mahali. Ukitaka mwavuli uwe mbele, andika `in the foreground`, 1.5 haitakufanyia kazi hiyo. Na ukihamia ComfyUI na maelekezo yale yale, shusha namba zako kwanza, kwa sababu kule wastani haurekebishwi kwa njia hiyo, na 1.3 huweza kuwa kali mno.