Barua ya Muuguzi Anayeaga Kwenda Masomoni

Majina ya waliopata udahili wa vyuo vikuu yanapotoka, wapo wauguzi wanaoyasoma wakiwa zamu. Wengi wao wana stashahada na wamefanya kazi miaka kadhaa. Sasa nafasi ya Shahada ya Uuguzi imepatikana, masomo ya miaka 4 kwenye chuo kama Muhimbili, na zamu za hospitali haziwezi kwenda sambamba na vipindi vya darasani. Inabidi kuaga, na kuaga huko kunafanywa kwa barua.

Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja tu, lakini itabaki kwenye faili muda mrefu kuliko watu walioipokea. Miaka 4 baadaye matroni aweza kuwa amehama na mkurugenzi amebadilika. Muuguzi akirudi kuomba kazi, au chuo kingine kikiuliza habari zake, kitakachofunguliwa ni faili lile. Kwa hiyo inafaa kuiandika kwa utulivu, na kuanza kuiandaa kabla ya kushika kalamu.

La kwanza ni kuhakikisha kwamba kuacha kazi ndiyo njia yenyewe. Muuguzi aliyeajiriwa serikalini anayo njia ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake na kubaki mtumishi, na akikimbilia kuacha kazi anaweza kupoteza nafasi ambayo angerudi nayo. Wa hospitali binafsi au ya misheni naye aulize kama mwajiri anatoa ruhusa ya aina hiyo. Aangalie pia kama aliwahi kusomeshwa na hospitali kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi kwa muda fulani. Kama muda huo haujaisha, suala la deni lizungumzwe mezani mapema. Barua nzuri kiasi gani haiwezi kuufuta mkataba.

Akishaamua kuondoka, asichanganye mambo mawili kwenye karatasi moja. Zipo barua zinazoanza kwa kuomba ruhusa ya masomo, halafu zinasema ombi likikataliwa basi mwandishi anaacha kazi. Mpokeaji hajui ajibu lipi, na wakati huo siku zinakwenda. Kuna pia mazoea ya kuandika “naomba kuacha kazi”. Ombi hungoja jibu, na linaweza kukaa mezani hadi chuo kifunguliwe. Kuacha kazi hutolewa taarifa, tena kwa heshima.

Baada ya hapo ni tarehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inataka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi, akieleza sababu na siku anayoitoa. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili, na ndiyo maana mkataba usomwe kwanza. Kenya nako Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Kuna kipengele ambacho huwanasa wengi. Sheria ya Tanzania hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizo, wala siku za notisi zisikimbie pamoja na siku za likizo. Muuguzi mwenye siku za likizo ambazo hajazichukua huwaza kuzitumia kama notisi, aondoke wiki hiyohiyo. Hesabu hiyo haikubaliki. Siku hizo zinapaswa kulipwa anapoondoka, na notisi anaifanyia kazi. Akikataa kuifanya, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yake kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo.

Ila kwa wodi, sheria ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni rosta. Inchaji hupanga zamu za mwezi mzima, na jina moja likitoka katikati, wenzake ndio watakaorudia usiku mara mbili. Kumbukumbu mbaya nyingi huzaliwa hapo, wala si kwenye maneno ya barua. Muuguzi anayejua chuo kinafunguliwa Oktoba atoe barua mwanzoni mwa Septemba. Rosta ya Septemba aimalize, na ya Oktoba ipangwe bila jina lake.

Kabla barua haijafika ofisini, inchaji asikie kwa mdomo wa mhusika, halafu matroni. Mazungumzo ya dakika chache faragha yanatosha: “Shikamoo mama. Nimepata chuo, na ningependa ujue kabla sijaleta barua.” Mkubwa akiipata habari kutoka kwa wahudumu wa kantini, atahisi amezungukwa, na barua haitaweza kuiondoa hisia hiyo.

Sasa tuone barua yenyewe. Tuchukue mfano wa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni, mwenye mkataba wa notisi ya siku 28. Juu kabisa aweke anwani yake, kisha anwani ya hospitali, na barua ipitie kwa mkuu wake wa uuguzi.

1 Septemba

Mkurugenzi wa Hospitali

Kupitia: Muuguzi Mfawidhi

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI ILI KUJIUNGA NA SHAHADA YA UUGUZI

Kwa barua hii natoa taarifa ya kuacha kazi yangu ya uuguzi katika wodi ya wazazi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 30 Septemba, na hadi hapo notisi ya siku 28 itakuwa imetimia. Nimepata nafasi ya kusoma Shahada ya Uuguzi kwa miaka 4 kuanzia Oktoba, na ratiba ya masomo hainiruhusu kuendelea na zamu.

Nilifika hapa nikiwa nimetoka chuoni. Wakunga wa zamu ya usiku ndio walionifundisha kuifuatilia patografu kwa makini na kumwita daktari mapema, kabla mama hajachoka. Nashukuru pia kwa mafunzo ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Ujuzi ule nimeutumia hapa, na ndio ulionipa hamu ya kusoma zaidi.

Rosta ya Septemba nitaimaliza kama ilivyopangwa. Katika wiki mbili za mwisho niko tayari kufanya kazi pamoja na atakayeshika nafasi yangu, na kumkabidhi rejista, orodha ya vifaa vya toroli ya dharura na funguo nilizonazo. Naomba niandaliwe malipo ya siku za likizo ambazo sijazichukua, pamoja na cheti cha utumishi.

Asanteni kwa malezi mliyonipa. Nitafurahi tukifanya kazi pamoja tena.

Wako mtiifu,

(Sahihi, jina kamili na cheo)

Aya ya kwanza inabeba uzito wote wa kisheria: kinachofanyika, siku ya mwisho na sababu. Afisa utumishi akiisoma hiyo peke yake anaweza kuanza kazi yake. Sababu imetajwa kwa sentensi moja. Hakuna haja ya kueleza habari za mkopo wa Bodi, shinikizo la wazazi au ndoto za utotoni.

Joto la barua liko kwenye aya ya pili, na linatokana na kutaja jambo lenyewe. Mtu akiandika kwamba anashukuru kwa ushirikiano mzuri na upendo mliomwonyesha, anaandika sentensi ambayo ingefaa kiwanda cha saruji au benki. Akitaja patografu na zamu ya usiku, wakunga wale watajiona wenyewe. Jambo moja au mawili ya kweli yanatosha, kwa sababu sifa zikizidi huonekana za kupaka mafuta. Asiyekumbuka zuri lolote kubwa anaweza kumshukuru aliyembadilishia zamu alipofiwa. Lakini asiandike shukrani asizokuwa nazo.

Aya ya tatu ndiyo inayomtuliza matroni. Anayepokea barua ya namna hii hujiuliza kwanza nani atashika zamu. Ahadi zilizomo zinatekelezeka, nazo zihesabiwe kabla ya kuandikwa. Kuahidi kuja kusaidia kila Jumamosi ukiwa chuoni ni deni litakalokushinda wiki ya kwanza ya mitihani.

Kuna yaliyoachwa kwa makusudi. Hakuna malalamiko ya upungufu wa watumishi, posho zilizochelewa wala mzozo na daktari fulani. Pengine yote ni kweli, na yafaa yasemwe, lakini mahali pake ni kikao cha ana kwa ana, ambako mtu anaweza kuuliza na kujibiwa. Yakiwekwa kwenye barua yanakuwa mashtaka yasiyo na kesi, na atakayeyasoma miaka 4 baadaye hatajua upande wa pili ulisema nini. Hakuna pia tambo la kupanda ngazi. Wenzake wanaobaki ni wauguzi walewale wenye cheti na stashahada, na neno lolote linalofanya kazi yao ionekane ya chini litawakwaza.

Barua itolewe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kisha aitunze mwenyewe. Siku 28 zikija kubishaniwa, muhuri huo ndio ushahidi.

Kisha makabidhiano yafanywe kwa maandishi. Kwenye wodi vitu vinavyoleta maneno baada ya mtu kuondoka ni vile vinavyofungwa kwa ufunguo, hasa kabati la dawa zenye udhibiti mkali kama pethidini na mofini. Zihesabiwe na watu wawili, idadi ilinganishwe na rejista, wote wasaini. Kukiwa na upungufu ambao haujulikani ulikotokea, siku ya kuujua ni hiyo, aliyekuwa na ufunguo angali yupo. Pamoja na hayo muuguzi arudishe kitambulisho, amalize kliarensi, na ahakikishe leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inabaki hai. Leseni ni yake binafsi, haikwishi kwa kuacha kazi, lakini asipoihuisha wakati ukifika hataweza kuomba zamu za muda wakati wa likizo za chuo.

Mwisho, atofautishe karatasi mbili atakazozihitaji. Cheti cha utumishi ni haki yake. Sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Barua ya kumtambulisha na kumsifu, ambayo siku moja ataihitaji akiomba ufadhili au shahada ya uzamili, haidaiwi kwa sheria yoyote. Huandikwa na mtu kwa hiari yake, na mtu huyo mara nyingi ni matroni yuleyule aliyeambiwa mapema, akapangiwa rosta isiyo na pengo, akakabidhiwa funguo zikiwa kamili. Aombwe hiyo kabla ya tarehe 30, mambo yote yakiwa bado mabichi kichwani mwake.