Mshtarii Humeza Dunia Ngapi?

Swali la kwanza la chemshabongo huonekana jepesi. Upana wa Mshtarii, ukipimwa kupitia katikati yake, ni karibu kilomita 143,000. Wa Dunia ni kilomita 12,756. Je, kama Mshtarii ingekuwa tungi tupu, zingeingia Dunia ngapi?

Kijana mwenye haraka hugawanya, akapata 11, akaandika 11. Kugawanya hakukosea, ila amejibu swali jingine: hizo 11 ni Dunia zinazoweza kupangwa mstari mmoja, ubavu kwa ubavu, kukatiza tumbo la Mshtarii. Tungi halijazwi kwa mstari mmoja. Lina urefu, upana na kina, hivyo tarakimu ileile huzidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kwa kipimo kamili zaidi ni 11.2 mara 11.2 mara 11.2, yaani kama 1,400.

Hata hapo kuna cha kupunguza. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa takriban saa 10 tu, na kasi hiyo imeitutumua kiunoni na kuibonyeza kwenye ncha zake. Jibu sahihi, basi, ni Dunia 1,300 hivi, zikichukuliwa kama udongo uliokandwa usioacha mwanya. Zikibaki duara kama machungwa guniani, zitaingia chache zaidi.

Mirihi huwanasa wengi kwa mtego huohuo. Upana wake ni kama nusu ya upana wa Dunia, lakini ndani ya Dunia zingeenea Mirihi zaidi ya sita, wala si mbili.

Swali la pili linahusu umbali: sayari gani ni jirani wa karibu zaidi wa Dunia? Zuhura, watajibu wengi, na wana sababu. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, Zuhura iko milioni 108 kutoka kwenye Jua, na zote mbili zikiwa upande mmoja, hutenganishwa na milioni 40 tu. Hakuna sayari nyingine inayotukaribia hivyo.

Lakini sayari hazikai mahali pamoja. Zuhura ikifika ng'ambo ya pili ya Jua, umbali huo huwa milioni 258. Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, haibanduki mbali na Jua, kwa hiyo haitoroki mbali nasi kiasi hicho. Kwa kawaida haizidi milioni 220 hivi. Mtu akipima kila siku kwa miaka mingi na kutafuta wastani, Utaridi ndiyo inayoshinda.

Mtunzi wa chemshabongo anapaswa kuandika wazi anauliza nani hutukaribia zaidi, au nani huwa karibu kwa wastani. Asipoandika, aliyejibu Zuhura na aliyejibu Utaridi wote wapewe alama.