Pima transfoma kabla ya kuwasha kinu

TRANSFOMA mpya ikishashushwa kwenye lori, mwenye kinu cha mahindi hutamani umeme uwashwe siku hiyo hiyo. Lakini safari ya barabara mbovu yaweza kulegeza kilichokazwa vizuri kiwandani. Kwa hivyo, fundi hufanya vipimo viwili kwanza na kulinganisha matokeo na kibao cha transfoma na cheti cha kiwanda.

Kipimo cha kwanza ni cha uwiano wa mizunguko ya waya. Chukulia transfoma ya kVA 100 ambayo kibao chake kinasema volti 11,000 kwa 433. Upande wa chini, kila fezi hutoa volti 250, hivyo uwiano ni 11,000 kugawanya kwa 250, yaani 44. Tofauti inayokubalika ni nusu asilimia tu, juu au chini.

Tuseme mashine ya kupimia inaonyesha 45.1 kwenye fezi zote tatu. Hiyo ni asilimia 2.5 zaidi, lakini transfoma si mbovu. Swichi ya kurekebisha volti imeachwa kwenye nafasi ya pili badala ya ya tatu. Fundi huirudisha, umeme ukiwa umezimwa, kisha hupima upya. Ingekuwa fezi moja pekee imepotoka katika kila nafasi ya swichi, hapo pangekuwa na shaka kwamba mizunguko imegusana ndani, na transfoma ingepaswa kurudishwa.

Kipimo cha pili ni cha ukinzani wa waya. Cheti kinasema omu 21.6 kati ya nyaya mbili za upande wa juu, kwa joto la nyuzi 75. Fundi anapata 19.6, 18.6 na 18.6, mafuta yakiwa na nyuzi 28. Shaba ikipoa, ukinzani hushuka. Ili kulinganisha, huzidisha 21.6 kwa 262.5 na kugawanya kwa 309.5, akapata 18.3. Hiyo ndiyo nambari ya kutarajia.

Basi kupungua kutoka 21.6 si kasoro. Kasoro ni 19.6, inayozidi zile nyingine kwa asilimia tano, ilhali kwa kawaida zinapaswa kukaribiana ndani ya asilimia mbili. Uwiano haukuonyesha lolote kwa sababu kipimo chake hutumia mkondo mdogo mno. Mara nyingi kosa huwa kwenye swichi: vyuma vyake vina kutu au havigusani sawasawa. Fundi huizungusha mara kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha hupima tena. Nambari zote tatu zikifika 18.3, tatizo limeondoka. Zisipobadilika, huenda kiungo kimelegea ndani.

Transfoma ya namna hiyo ikiwashwa, kinu kitasaga vizuri kwa muda huku mahali palipolegea pakichemka ndani ya mafuta, mpaka swichi iungue msimu wa mavuno. Mwenye kinu asitie saini ya kupokea mzigo kabla ya kuona nambari za fezi zote tatu, nafasi ya swichi na joto la mafuta.